Nahodha kalipa deni tulilolifuta 2022, sasa leja inasema duka ndilo linalodaiwa

Binti_Ngamiani

Assalaam aleikum wana jukwaa. Natunza vitabu vya duka la mjomba wangu hapa Tanga. Tunauza nyavu, kamba, maboya na ndoana, na wateja wetu wengi ni wavuvi wa Deep Sea na Sahare, wachache wanatoka Tongoni. Naomba mnisaidie jambo linaloninyima usingizi wiki hii, kwa sababu tunafunga mwaka tarehe 31.

Agosti 2021 nahodha mmoja wa Sahare alichukua nyavu na kamba za shilingi 3,600,000. Akalipa 1,200,000 na kubakiza 2,400,000, akaahidi kumaliza kaskazi ikianza. Chombo chake kikapasuka mwambani, akahamia Pemba, simu ikawa haipatikani. Mjomba alituma mtu mara mbili asimwone. Tarehe 31 Desemba 2022 mhasibu aliyenitangulia akalifuta deni lote la 2,400,000, likaingia kwenye gharama za mwaka ule.

Mwaka huu, 14 Oktoba 2025, nahodha kaja dukani kwa miguu yake. Kasema hawezi kurudi baharini huku ana cha watu shingoni. Kaweka 1,500,000 kwenye akaunti ya duka benki. Mimi nikaandika hivi: debiti Benki 1,500,000, krediti akaunti ya nahodha 1,500,000. Programu ilikubali, urari ukalingana, nikaendelea na kazi nyingine.

Tarehe 3 Novemba mjomba akampa jarife la 700,000 kwa mkopo. Juzi nahodha akaomba taarifa ya akaunti yake. Nikaichapa, ikatoka salio la 800,000 upande wa krediti. Akaisoma taratibu, kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa mnaniambia mimi ndiye ninayewadai nyinyi. Mimi najijua nina deni."

Nimeona haya sana. Maswali yangu ni mawili. La kwanza, nimekosea wapi hasa, ikiwa urari unalingana? La pili, nikisema hizi 1,500,000 ni mapato ya mwaka huu, sitakuwa nazihesabu mara mbili? Maana mauzo yale tuliyaandika 2021.

Mkwezi_wa_Pongwe

Dada, hongereni kwa kufutiwa. Mimi nilikuwa na mkopo wa pikipiki, nikachelewa, baadaye wakaniambia umefutwa. Baada ya mwaka wakarudi kunidai tena. Sasa walinifutia au hawakunifutia? Msikubali kulipa mpaka mpate barua.

Binti_Ngamiani

Kaka, sisi ndio wenye kudai. Mteja ndiye aliyekuwa na deni kwetu, akatoweka, tukalifuta vitabuni, sasa amelipa.

Mkwezi_wa_Pongwe

Aa, nimekuelewa. Lakini swali langu libaki hapo kwa wanaojua, kama deni limefutwa bado ni deni?

Kalamu_ya_Bluu

Binti, mimi nimesoma uhasibu mpaka cheti. Kosa si lako, ni la aliyekutangulia. Alisema deni halilipiki, kumbe linalipika. Kwa hiyo ile gharama ya 2,400,000 ya mwaka 2022 haikuwa halali. Rudi kwenye hesabu za 2022, uifute gharama ile, faida ya 2022 itapanda, na deni litarudi kwenye mizania. Kisha ukipokea hela unapunguza deni kama kawaida. Hapo hakuna cha kuhesabu mara mbili.

Maalim_wa_Leja

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimetunza vitabu vya vyama vya ushirika vya mkonge na machungwa huku Muheza na Korogwe tangu enzi za leja za kuandika kwa mkono, na jambo lako nimekutana nalo mara nyingi.

Nianze na ndugu Kalamu. Amegusa jambo la kweli, kwamba kinachotakiwa kugeuzwa ni ile gharama. Hapo yuko sawa. Lakini mahali pa kuigeuzia si 2022. Jiulize mhasibu wa 2022 alijua nini siku ile ya tarehe 31 Desemba. Alijua chombo kimevunjika, mtu kahama, simu haishiki, mjumbe kaenda mara mbili karudi mikono mitupu. Kwa habari hizo, kulifuta lilikuwa jambo sahihi. Kosa la mwaka uliopita ni pale mtu alipokuwa na habari mkononi akaiacha au akaitumia vibaya. Nahodha kupata riziki Pemba na kurudi ni jambo lililotokea 2025, basi ni la vitabu vya 2025. Hesabu za 2022 zimefungwa, ziache zilale. Ukizifungua kila mdaiwa anapojitokeza, hutakuwa na mwaka hata mmoja uliofungwa.

Sasa kosa lako, na nakuomba usilione kubwa kuliko lilivyo. Hukuandika uongo. Umeandika nusu. Tazama akaunti ya nahodha ilikuwaje asubuhi ya tarehe 14 Oktoba. Ilikuwa sifuri, kwa sababu 2022 deni lote lilitolewa humo. Ukaleta krediti ya 1,500,000 juu ya sifuri. Leja haina kumbukumbu ya moyoni. Inachoona ni mtu asiyedaiwa chochote ameleta fedha, basi inamhesabu kama mteja aliyelipa kabla ya kuchukua mali. Akachukua jarife la 700,000, leja ikatoa, ikabaki na 800,000 yake. Urari utalingana, kwa sababu debiti na krediti zako ni sawa. Urari hauwezi kukuambia kwamba krediti imeangukia kwenye akaunti ambayo haikuwa tayari kuipokea.

Kabla ya kupokea fedha ya deni lililofutwa, unalifufua kwanza deni lenyewe. Maingizo ni mawili, tena kwa mpangilio huu:

Kwanza, debiti Nahodha 1,500,000, krediti Madeni Yaliyorudi 1,500,000. Maelezo: kufufua sehemu ya deni lililofutwa 31 Desemba 2022.

Pili, debiti Benki 1,500,000, krediti Nahodha 1,500,000. Maelezo: malipo ya deni lililofufuliwa.

La pili umeshaliandika. La kwanza ndilo halipo. Kwa hiyo usifute kitu wala usigeuze kitu. Andika hilo moja kwa tarehe ya leo, na kwenye maelezo taja kwamba linaambatana na pokezi la 14 Oktoba, pamoja na namba ya hati yake. Ukimaliza, chapa upya taarifa ya nahodha. Utaona debiti 1,500,000, krediti 1,500,000, kisha jarife 700,000, na salio 700,000 anadaiwa.

Mwisho wa mwaka ile akaunti ya Madeni Yaliyorudi inafungwa kwenye hesabu ya faida na hasara, upande wa mapato. Iweke mstari wake peke yake, isifichwe ndani ya mauzo.

Binti_Ngamiani

Shikamoo Maalim, na ahsante. Nimeelewa ingizo. Ila bado moyo haujatulia kwenye mapato. Mjomba nimemwonyesha, naye kauliza hivyo hivyo, "nyavu niliuza mara moja, mapato yanaingiaje mara mbili?"

Maalim_wa_Leja

Marahaba. Mjomba wako ameuliza vizuri. Chukua karatasi mwandikie miaka mitatu.

2021 mliandika mauzo 3,600,000. Hayo yaliongeza faida.
2022 mliandika gharama 2,400,000. Hiyo ilipunguza faida.
2025 mnaandika mapato 1,500,000.

Jumlisha na kutoa: 3,600,000 toa 2,400,000 ongeza 1,500,000, unapata 2,700,000. Sasa mwulize mjomba, kwa nyavu zile ameshika fedha kiasi gani mkononi? 1,200,000 za mwanzo na 1,500,000 za sasa, nazo ni 2,700,000. Vimelingana. Hakuna kilichohesabiwa mara mbili, kwa sababu 2022 mlikuwa mmeshakitoa. Mngekuwa hamjakifuta, hapo ndipo kuita mapato kungekuwa kuhesabu mara mbili.

Hesabu hiyo hiyo itakuonyesha hatari ya upande wa pili. Kama ungeacha ilivyokuwa, vitabu vingesema mmepata 1,200,000 tu, na zile 1,500,000 zingekaa kwenye mizania kama deni la duka kwa nahodha. Faida ya mwaka huu ingepungua, na mtu angeweza kusimama kaunta akasema nipeni mali ya 800,000, mimi ni wenu. Nahodha wako alikuwa mwaminifu. Siku nyingine utachapa karatasi kama ile umpe mtu ambaye atakunja na kuitia mfukoni.

Mhitimu_Raskazone

Maalim nakuheshimu, lakini sisi chuoni tulifundishwa tofauti. Deni likifufuliwa, krediti haiendi kwenye mapato, inakwenda kwenye tengo la madeni yenye shaka. Yaani debiti Nahodha, krediti Tengo. Hesabu ya faida haiguswi siku hiyo. Nina uhakika, nililijibu kwenye mtihani.

Maalim_wa_Leja

Na hukujibu vibaya, mwanangu. Swali ni deni lilitokea mlango gani. Kuna maduka ambayo kila mwaka hutenga kiasi kwa ajili ya wasiolipa, na mteja fulani akishindwa kabisa humfuta dhidi ya lile tengo: debiti Tengo, krediti Mdaiwa. Kwa hao, kufufua ni kugeuza ingizo hilo hilo, debiti Mdaiwa, krediti Tengo. Mwisho wa mwaka tengo linapimwa upya, na likionekana limezidi, ziada ndiyo inayoingia kwenye faida. Kwa hiyo hata huko fedha inafika kwenye faida, ila inapita njia ndefu.

Duka la Binti halikuwa na tengo. Deni lilikwenda moja kwa moja kwenye gharama. Akikrediti tengo leo, ataanzisha akaunti ambayo haikuwahi kuwepo na kuiachia salio lisilo na maana. Binti, thibitisha hilo kwa kufungua ingizo la 31 Desemba 2022 uone debiti ilikwenda wapi. Usikisie.

Binti_Ngamiani

Nimefungua sasa hivi. Debiti Madeni Yasiyolipika 2,400,000, krediti Nahodha 2,400,000. Hakuna tengo.

Mhitimu_Raskazone

Basi nimeelewa, ahsante Maalim. Sisi tulipewa mifano yenye tengo peke yake.

Mama_Machungwa

Habari zenu. Naomba nami nichomeke langu, maana linafanana. Mimi napakia machungwa Muheza. Mnunuzi mmoja alinitoroka na 950,000, tukaifuta mwaka uliofuata. Mwaka huu amelipa yote. Kijana wangu wa vitabu ameiandika kama mauzo, na akatoa risiti ya EFD ya 950,000. Niko salama? Mimi naona hela imeingia, na mauzo yameonekana, wa kulalamika ni nani?

Maalim_wa_Leja

Wa kulalamika ni wewe mwenyewe, mama. Machungwa yale uliyauza mara moja, na risiti ya mashine ilitoka siku ile uliyouza. Ukitoa ya pili kwa fedha ile ile, mashine inaonyesha umeuza mizigo miwili. Mwisho wa mwaka unakadiriwa kwa mauzo ambayo hayakuwepo. Fedha ya deni la zamani mpe mtu stakabadhi ya kawaida inayotaja ankara ya awali.

Kwenye vitabu, kijana aitoe kwenye mauzo: debiti Mauzo 950,000, krediti Madeni Yaliyorudi 950,000. Na kwenye leja ya yule mnunuzi aandike debiti 950,000 na krediti 950,000, ili historia yake ikamilike: alichukua, alifutwa, alifufuliwa, alilipa. Ile risiti ya mashine ishughulikieni mapema na mamlaka ya kodi kabla hamjafunga mwaka, mkiwa na ankara ya zamani na ya sasa mkononi.

Mama_Machungwa

Kwa nini nisumbuke kuandika debiti na krediti zinazojifuta zenyewe kwa mtu ambaye sitamuuzia tena?

Kalamu_ya_Bluu

Hapa naweza kujibu mimi. Kwa sababu hujui kama hutamuuzia tena. Leja yake ikiishia kwenye "amefutwa", mwakani atakapokuja kijana mwingine kwenye vitabu vyako atamwona tapeli, wakati alilipa mpaka senti ya mwisho. Nimeliona hilo kwenye ghala moja hapa mjini: mteja alinyimwa mzigo kwa deni alilolilipa miaka miwili kabla, kwa kuwa malipo yaliingizwa benki na mapato mengineyo bila kupita kwenye jina lake. Alihamia kwa muuzaji mwingine na hakurudi.

Maalim_wa_Leja

Umesema kweli kabisa, ndugu Kalamu. Kwa upande wa faida ungeweza kuandika debiti Benki, krediti Madeni Yaliyorudi, ukamaliza kwa mstari mmoja, na jumla zingekuwa zile zile. Kinachopotea ni heshima ya mteja. Ingizo la kufufua lipo kwa ajili hiyo hasa.

Mkaguzi_Chumbageni

Nimefuatilia uzi kimya kimya. Nakubaliana na karibu yote, isipokuwa kitu kimoja ambacho Maalim amekipita haraka. Deni lililofutwa ni 2,400,000. Maalim amemwambia Binti afufue 1,500,000. Zile 900,000 ziko wapi? Nahodha mwenyewe anasema anajijua ana deni. Ukimpa taarifa yenye 700,000 tu, nayo si kweli kamili. Kwa maoni yangu afufue zote 2,400,000. Mtu amerudi, amelipa zaidi ya nusu, anafanya biashara tena na duka. Huo ni ushahidi kwamba deni liko hai.

Maalim_wa_Leja

Karibu, mkaguzi. Sikulipita kwa bahati mbaya. Ukifufua 2,400,000, krediti ya 2,400,000 inakwenda kwenye mapato ya 2025, wakati fedha iliyoonekana ni 1,500,000. Faida inabeba 900,000 ambazo bado ni maneno. Mtu huyu aliwahi kuahidi, bahari ikamwangusha. Si kwamba namshuku. Chombo kinaweza kuvunjika tena. Mimi hufufua kinachofika mkononi, na kinachobaki nakiandika kwenye daftari la pembeni la madeni yaliyofutwa: jina, ankara, kiasi kilichofutwa, kilicholipwa, kilichobaki. Akileta 300,000 Januari, nafufua 300,000 na kupokea 300,000.

Mkaguzi_Chumbageni

Hofu yako ya faida naielewa, na ina dawa. Fufua zote 2,400,000, kisha utenge 900,000 kama deni lenye shaka: debiti Gharama ya Madeni yenye Shaka 900,000, krediti Tengo 900,000. Mapato 2,400,000, gharama 900,000, faida inaongezeka kwa 1,500,000 tu, sawa na yako. Lakini leja ya nahodha inasema ukweli wote: anadaiwa 900,000 za zamani na 700,000 za jarife, jumla 1,600,000. Na kwenye mizania wadaiwa wanaonekana kwa 700,000 baada ya kutoa tengo.

Maalim_wa_Leja

Kwa karatasi umenishinda, jibu linalingana. Wasiwasi wangu ni duka lenyewe. Ni duka la mtu na mpwa wake. Umewapa tengo ambalo hawakuwa nalo, nalo linataka kupimwa kila mwaka. Na orodha ya wadaiwa ikichapwa siku mjomba anapoomba mkopo, atasoma 1,600,000 na kusahau tengo. Daftari la pembeni ni rahisi zaidi kwao.

Mkaguzi_Chumbageni

Na daftari la pembeni linapotea. Nimewahi kufika kwa mteja nikaambiwa lilikuwa kwenye droo, mvua ikaingia. Hapa sitakubaliana nawe, Maalim, ila nakiri kwamba njia yako haina kosa kihesabu.

Mzee_wa_Mahakamani

Naongeza la sheria, kwa ufupi, maana nimefanya kazi za ukarani mahakamani miaka mingi, na kijana wa Pongwe swali lake halijajibiwa. Kufuta deni vitabuni si kusamehe. Ni mwenye duka kujiambia mwenyewe kwamba hategemei tena fedha hiyo. Mdaiwa hajapewa chochote. Haki ya kudai inabaki mpaka umsamehe kwa kauli au maandishi, au muda wa kushtaki upite. Kwa deni la mkataba wa kawaida Tanzania Bara, muda huo ni miaka 6.

Deni la Binti ni la 2021, bado liko ndani ya muda. Kabla muda huo haujapita, mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri kwa maandishi na kutia saini, hesabu ya miaka inaanza upya. Kwa hiyo msiishie kwenye leja. Mwombeni nahodha asaini karatasi kwamba amelipa 1,500,000 na amebakiza 900,000 kwa ankara ya Agosti 2021.

Mkwezi_wa_Pongwe

Nimejibiwa mzee wangu. Kumbe walilitoa kwenye vitabu vyao tu. Nitakwenda kuwaomba wanipe hesabu ya kilichobaki.

Mhitimu_Raskazone

Na kodi? Zile 1,500,000 zinatozwa?

Mkaguzi_Chumbageni

Kanuni ni kufuata ilikotoka. Kama 2022 duka lilikadiriwa kwa hesabu za faida, na ile 2,400,000 ikakubaliwa kama gharama, basi kodi ya 2022 ilipungua kwa sababu yake. Ikirudi, kiasi kilichorudi ni mapato ya mwaka kinaporudi, na kodi yake ni ya 2025. Kama gharama ile ilikataliwa wakati ule, au duka lilikuwa linalipa kwa kiwango cha mauzo ghafi bila kupunguza gharama yoyote, hali ni nyingine, kwa kuwa hawakupata nafuu yoyote. Binti, tafuta makadirio ya 2022 uyaweke kwenye jalada moja na ingizo la kufufua. Na kama mmesajiliwa VAT na mliwahi kuomba kurudishiwa kodi ya deni lile, sehemu ya kodi iliyomo ndani ya malipo haya mnairudisha.

Binti_Ngamiani

VAT hatujasajiliwa. Makadirio ya 2022 yapo, yalikuwa ya hesabu za faida, na nimeiona ile 2,400,000 ndani yake. Kwa hiyo itaingia mwaka huu.

Jambo dogo jingine. Mwaka jana mjomba alimpa kijana nauli ya kwenda Pemba kumtafuta nahodha, 85,000, na ndiyo iliyomfikishia salamu. Niitoe kwenye 1,500,000, niandike 1,415,000 kama iliyorudi?

Maalim_wa_Leja

Hapana. Nahodha alilipa 1,500,000, na ndizo zinazopita kwenye jina lake. Nauli ni gharama ya duka ya mwaka jana, ibaki huko huko. Ukizichanganya, taarifa yake itaonyesha amelipa pungufu ya alicholipa.

Binti_Ngamiani

Nimerudi. Nimeandika ingizo la kufufua 1,500,000 kwa tarehe ya leo. Taarifa mpya ya nahodha inasomeka hivi:

14 Okt 2025, malipo benki, krediti 1,500,000, salio krediti 1,500,000
3 Nov 2025, jarife, debiti 700,000, salio krediti 800,000
Leo, kufufua deni lililofutwa 2022 (hati ya pokezi 14 Okt), debiti 1,500,000, salio debiti 700,000

Mpangilio wa tarehe unanikera kidogo, maana kufufua kunaonekana kumekuja baada ya malipo. Nimeacha hivyo, kwa sababu Maalim kasema niandike tarehe ya leo, na nisingependa mtu adhani nimerudi nyuma kubadilisha Oktoba.

Kuhusu 900,000, mjomba kasikiliza hoja zote mbili. Kasema anataka daftari, lakini nakala moja ikae kwenye programu kama maelezo chini ya jina la nahodha. Mkaguzi, najua hujaridhika. Mwaka ujao wakiongezeka wawili watatu wa namna hii nitamwomba tuanzishe tengo.

Nimepeleka taarifa Sahare jioni hii, nikamkuta anapaka chombo sifa. Nimemsomea, akahesabu kwa vidole, 700,000 akaikubali. Akaniuliza, "Na zile tisa?" Nikamwonyesha karatasi ya kukiri. Kasema hasaini kitu usiku, nije baada ya swala ya Ijumaa, mwanawe mkubwa awepo ashuhudie.

Mzee_wa_Mahakamani

Nenda na nakala mbili, mwanangu. Moja iwe yake.